Ndugu wa Mtumbwi Mmoja

Sikuli hakuwa na baba. Hakuwa na mama, tangu alipokuwa darasa la tatu. Hakuwa na shamba Lubero, wala duka mjini, wala kaka wa kumtangulia, wala baba mdogo wa kusimama mbele ya wakwe na kusema kwa niaba yake. Hakuwa na pikipiki. Kila asubuhi alikwenda kwa miguu kutoka nyumba ya shangazi yake hapa Bulengera, Butembo, mpaka shule anapofundisha, na mvua ikinyesha alifika na matope mpaka magotini. Hakuwa na koti la suti. Lile alilovaa Jumapili iliyopita kule Beni lilikuwa la direkta wa shule yake, na mabega yake yalikuwa yanaogelea ndani. Na tangu Jumapili hiyo hakuwa na hakika kama msichana anayempenda si dada yake.

Hilo la mwisho ndilo lililomnyima usingizi na chakula. Mengine mtu anaweza kuyavumilia, au kuyatafuta kwa jasho. Lakini damu haitafutwi.

Mambo yalikwenda hivi. Jumapili walipeleka mbuzi wa kwanza Beni, nyumbani kwa Christa Kavuo. Kwa kuwa Sikuli hakuwa na mzee wa kumsemea, na shangazi yake Kavira alisema siku hiyo kichwa kinamuuma, msemaji alikuwa direkta, Bwana Valère, mtu wa Kasaï aliyetumwa kufundisha Butembo miaka mingi. Kinande, lugha ya kwetu, alikuwa hakijui. Kwa hiyo mazungumzo yote yalifanyika kwa Kiswahili. Kama yangefanyika kwa Kinande, wazee wangeanza na ukoo, halafu wangetaja mababu mmoja mmoja kama kawaida. Lakini kwa heshima ya mgeni waliruka huko wakaenda moja kwa moja kwenye jina la baba.

"Huyu kijana ni mutoto wa nani?" aliuliza Anne-Marie, dada ya marehemu Kahongya, baba yake Christa.

"Ni mutoto wa marehemu Kamate," alijibu Bwana Valère kwa sauti ya kujivunia, "muvuvi wa Kyavinyonge, ule alikufa mu ziwa."

Mama Élise, mjane wa Kahongya, alikuwa amekwisha kufunua sufuria ya nyama. Akaifunika tena, polepole, kama mtu anayefunika uso wa maiti.

"Kamate wa Kyavinyonge?" alisema. "Mais, ule ni ndugu ya bwana yangu! Kila mwaka Kahongya alikuwa anamulipia Misa. Hata kitandani mbele ya kufa alisema, mutaendelea kumuombea ndugu yangu Kamate."

Anne-Marie aliweka mikono kichwani. "Ndugu ya Kahongya ni baba mudogo wa Christa. Donc hawa batoto ni kaka na dada."

"Wewe ni dada yake, haukumujua huyo Kamate?" aliuliza Bwana Valère.

"Mimi ni muziwanda, nilikuwa mudogo. Babu yetu alikuwa na bibi watatu. Baba mukubwa wetu moja alishuka ku ziwa, hakurudi tena. Batoto yake nitajuaje?"

Chakula hakikuliwa. Wakapewa mpaka Jumamosi: kama hakuna maelezo, mbuzi atarudishwa Butembo. Na kwa watu wa kwetu, mbuzi akisharudishwa, njia ile hawezi kuipita mara ya pili.

Jioni hiyo Sikuli alimpigia shangazi yake simu. "Tantine, Kahongya wa Beni alikuwa nani?"

Shangazi akajibu: "Ule alikuwaka ndugu yetu." Simu ikakatika. Na alipofika nyumbani, shangazi alikuwa amejifungia chumbani.

Neno ndugu, msomaji wangu, ni blanketi moja linalofunika watoto wengi. Ukiliona linanyanyuka na kushuka, unajua kuna mtu chini. Hujui ni nani.

*

Alhamisi, saa sita za mchana, Sikuli alirudi kutoka shuleni akamkuta Christa amesimama mlangoni kwa shangazi.

Alikuwa amevaa kitenge cha bluu, na kitambaa kichwani kilikuwa kimelowa mvua. Macho yake yalikuwa mekundu. Sikuli alipiga hatua mbili kumwendea, kisha miguu yake ikagoma. Siku zote walipokutana alimshika mikono yote miwili. Sasa mikono hiyo ilining'inia kama ya mtu mwingine.

"Jambo, Christa."

"Jambo." Alitazama chini. "Nikuite nani? Sikuli, ao kaka?"

"Usiseme vile."

"Mimi ninauliza. Anne-Marie ananiambia nianze kuzoea. Ananiambia, utamupenda tu, lakini sawa na kaka. Mapendo iko na bouton ya kuzima? Kama iko, unionyeshe."

Sikuli alitaka kumfuta machozi. Akakumbuka, akarudisha mkono mfukoni. Christa aliuona mkono ule ukirudi, na hilo ndilo lililomliza zaidi.

"Ulikuja namna gani?" aliuliza Sikuli. "Mama alikuruhusu?"

"Nilikuja na Mama Keren, jirani yetu, amekuja kununua vitenge. Mama alisema, uende umuage vizuri. Tutarudi Beni saa tisa." Akanyanyua uso. "Lakini mi sikuja kukuaga. Nilikuja kuuliza shangazi yako."

"Nilimuuliza. Alisema alikuwa ndugu yao."

"Ndugu gani?"

Mwalimu mzima, anayewafundisha watoto sarufi, hakuwa ameuliza.

"Sikuli, unajua kazi yangu," alisema Christa. Na ni kweli alijua: Christa alikaa kwenye mapokezi ya hospitali moja kule Beni, akiandika wagonjwa kwenye rejista. "Kila siku mutu anafika na mugonjwa. Ninamuuliza, wewe ni nani yake? Ananijibu, ndugu. Nikiandika ndugu, muganga atanigombeza. Juu leo ndugu ni mutoto wa mama yake, kesho ni jirani walipanga naye nyumba moja, kesho kutwa ni mutu wa chorale ya kanisa. Siku moja muganga alitafuta damu ya kumutia mugonjwa, bandugu walikuwa kumi na moja mu couloir, pa mulango ya muganga. Nilipouliza vizuri, wa tumbo moja alikuwa moja tu, na yeye alikuwa amekimbia sindano!"

Sikuli alicheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu Jumapili, kikafa njiani.

"Na kama ukiuliza vizuri ukakuta ni kweli?" alisema kwa sauti ndogo.

Mvua ilipiga mabati. "Basi tutajua," alisema Christa. "Nitarudi Beni, nitalia mpaka iishe. Lakini mi hapana acha kitu ya maisha yangu juu ya neno ambayo hakuna mutu aliifungua kuona ndani."

*

Shangazi Kavira alikuwa jikoni akichambua maharage. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane wa miaka mitano, mwenye uso ambao uzuri wake ulikuwa bado haujaamua kuondoka. Alipomwona Christa mlangoni, ungo ulimponyoka, maharage yakamwagika.

"Yesu Maria," alisema. "Macho ya baba yake."

Christa akapiga goti kumsalimu kwa mikono miwili, kama mkwe. Shangazi hakuivuta mikono yake. Aliitazama mikono ile imeshikana, kisha akageuza uso.

"Mama," alisema Christa, "unisamehe. Nimekuja kukuuliza kama ninavyoulizaka watu ku kazi. Usikasirike."

"Uliza, mutoto. Lakini mimi nilishajibu Sikuli."

"Ulisema Kahongya alikuwa ndugu yenu. Wewe na baba yake Sikuli, muko wa tumbo moja?"

"Tumbo moja, baba moja. Mimi na Kamate tulinyonya ziwa moja."

"Na baba yangu? Yeye naye alinyonya pale?"

"Hapana."

Sikuli alivuta pumzi. Christa alimnyooshea kidole: bado.

"Baba yenu alimuzaa na bibi mwengine?"

"Hapana. Baba yetu alikuwa na bibi moja, na ule moja alimushinda." Shangazi karibu atabasamu.

"Basi, baba yenu na babu yangu walikuwa watoto wa mutu moja?"

Hapo shangazi aliinama chini. Akaanza kuokota maharage, moja moja. Sikuli aliona jasho kwenye paji la uso wake. Ndiyo hapo, aliwaza. Baba mkubwa aliyeshuka ziwani asirudi: ni babu yangu. Akamtazama Christa, na Christa akamtazama yeye, na katika kutazamana huko waliagana.

"Tantine," alisema Sikuli. "Utujibu. Hata kama ni ndiyo."

"Kahongya alikuwa analala kwetu," alisema shangazi bila kuinua macho. "Alikuwa anakula kwetu. Mutumbwi moja na Kamate, nyavu moja. Mama yetu alimuita mutoto wangu. Kamate alipooa mama yako, Kahongya aliongeza mbuzi."

"Mbuzi!" Sikuli aliketi kwenye kigoda kama mtu aliyepigwa. Kwa maana kwa kawaida yetu wanaochangia mbuzi wa kuolea ni watu wa jamaa. Rafiki huleta pombe, huleta kitenge. Mbuzi ni wa ndugu.

Lakini Christa hakukaa. Uso wake ulikuwa umesawijika kwa hofu, na sauti yake bado ilikuwa ile ya mapokezi, ya mtu mwenye kalamu mkononi.

"Aliongeza kama nani, Mama? Bazee walipohesabu mbuzi siku ile, walisema mbuzi ya Kahongya ni ya nani?"

Shangazi alifunga macho.

"Walisema ni ya shemeji."

Mvua ilikuwa imepungua. Mahali fulani jirani mtu alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Shemeji?" alisema Sikuli.

"Shemeji ya Kamate. Bwana ya dada yake." Machozi yakaanza kumtoka mwanamke yule, na hakuyafuta. "Dada yake ni mimi. Hakuna mwengine."

Aliweka kando maharage aliyokuwa ameokota.

"Kahongya alinichumbia mimi," alisema. "Nilikuwa na miaka makumi mbili na mbili. Wazee wa Beni walishuka Kyavinyonge, wakakaa na wazee wetu siku mbili. Wakahesabu mababu, upande ya baba na upande ya mama, mpaka kizazi ya ine, na damu yetu na yao haikukutana nafasi yoyote. Baba mukubwa wa Kahongya, ule alishuka ku ziwa, alihamia Kamango, alikufia kule bila mutoto. Walimutafuta hata yeye. Nyuma ya pale walipokea mbuzi ya kwanza. Mbuzi yangu." Akapiga kifua. "Mutu anaweza kupeleka mbuzi ya posa kwa baba yake mwenyewe? Anaweza kuchumbia dada yake?"

Christa aliziba mdomo kwa mikono miwili. Sikuli alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Tantine! Juu ya nini hukusema? Siku ine nakufa hapa!"

"Juu ya nini?" Sauti yake ilipanda. "Ile siku ya mawimbi walikuwa wawili mu mutumbwi. Kamate hakurudi. Kahongya alirudi. Baba yangu hakuweza tena kumuangalia. Akaniita mbele ya watu, akaniuliza: Kavira, utaolewa na mutu aliacha kaka yako mu maji? Mimi nilijua Kahongya alizama mara tatu kumutafuta. Nilijua. Na nilinyamaza. Mbuzi ilirudishwa. Kahongya akaenda Beni. Mimi nikaolewa na mwengine, nikazaa, na bwana yangu hakujua jina ile mpaka Mungu alimuita. Uliponiuliza ku simu, nitasema nini? Nilisema ndugu. Ni neno inasaidia mutu kuficha."

Christa alimsogelea, akaketi chini kwenye maharage, akaegemeza kichwa kwenye goti lake. "Baba yangu naye aliitumia vile," alisema. "Miaka yote. Ndugu yangu Kamate, ndugu yangu Kamate. Hakuweza kusema shemeji, juu Mama angeuliza: shemeji kwa dada gani?"

Shangazi aliweka mkono juu ya kile kitambaa kilicholowa, na mkono ulikaa pale muda mrefu.

*

Lakini kujua ni jambo moja, na kuwajulisha Beni ni jingine.

"Twende wote watatu," alisema Sikuli. "Leo. Useme mbele yao."

"Hapana. Nisimame mbele ya mujane wake, mu nyumba yake, nimuambie bwana yako alinipenda mimi kwanza, mbele yako? Unitume kuchimba kaburi, nitakwenda. Pale hapana."

"Basi ku simu."

"Maneno ya damu haisemwi ku simu. Ile siku nilisema neno moja ku simu, unaona ilifanya nini."

"Tantine, Jumamosi mbuzi inarudi!"

"Usimugombeze," alisema Christa. Akainuka, akajipangusa kitenge. "Mama, barua je? Mutu akiandika, kila neno inabaki nafasi yake. Anne-Marie ataisoma mara kumi."

"Mimi najua kusoma missali, kitabu ya Misa. Kuandika, hapana."

"Sikuli—"

"Sikuli hapana," alikata shangazi. "Mwenye kuoa hapana andika ushahidi ya ndoa yake. Watasema alijitungia. Uite ule Mukasaï."

Sikuli alikimbia kama mtoto. Bwana Valère alifika akihema, na karatasi za shule na bahasha ya kaki chini ya koti. Alipoelezwa alijipiga kofi kwenye paji la uso.

"Mama na ngai! Kosa yangu hiyo. Walisema ndugu, na mimi directeur d'école nikaitika oui, oui, bila kuuliza ni ndugu gani. Kwetu Kasaï ningeuliza!"

"Kwenu Kasaï mungekuwa bado munauliza mpaka leo," alisema shangazi, na kwa mara ya kwanza wote wanne walicheka. "Keti. Andika pole. Nitakwambia, na utanisomea kila mustari."

Akaanza. Bwana Valère aliandika: *Kahongya hakuwa ndugu wa Kamate.*

"Futa," alisema shangazi. "Alikuwa ndugu yake. Kupita wa tumbo. Usimunyang'anye mufu ile neno. Andika ndugu wa namna gani."

Karatasi ya kwanza ikatupwa. Ya pili ikatupwa. Saa ilikuwa inakwenda. Mama Keren alikwisha kupiga simu mara moja kuwa gari limejaa, anamshikilia Christa nafasi kwa kelele tu. Sikuli alisimama nyuma ya direkta akizifuata herufi, na Christa alisimama upande wa pili, na mikono yao ilikuwa karibu kwenye mgongo wa kiti, bila kugusana. Walikuwa huru, na bado waliogopa, kwa sababu wenye kuamua hawakuwa hapa.

Barua ilisema hivi:

*Kwa Mama Élise na kwa dada Anne-Marie, Beni.*

*Mimi ni Kavira, dada wa marehemu Kamate, baba mmoja mama mmoja. Marehemu Kahongya hakuwa wa tumbo letu, wala wa baba yetu, wala wa babu yetu. Alikuwa mwenzake Kamate wa mtumbwi mmoja, na alikuwa shemeji yake, kwa sababu alileta kwetu mbuzi wa kwanza ili anioe mimi. Wazee wa pande mbili walihesabu vizazi vinne, hawakukuta damu moja. Mbuzi alirudishwa Kamate alipokufa. Kahongya hakuwa na kosa. Musiniamini mimi peke yangu. Mzee Sadrack, aliyeshika kamba ya mbuzi ule, yuko hai, anakaa Kamango. Mutume mutu amuulize.*

*Mama Élise, hayo yalikuwa mbele ya wewe kuolewa. Aliyemzalia watoto ni wewe, aliyemfunga macho ni wewe. Mimi sina kitu ninachodai. Ninaomba tu batoto wasilipe kimya changu.*

"Batoto, ao watoto?" aliuliza Bwana Valère, kalamu hewani.

"Acha vile. Ajue ni mimi ninasema."

Akasomewa yote tangu mwanzo. Kwenye maneno *Kahongya hakuwa na kosa* aliitikia kwa kichwa mara mbili, polepole. Kisha akaomba wino, akabonyeza kidole gumba chini ya karatasi, akakigeuza kidogo kama mtu anayefunga mlango kwa ufunguo.

Bwana Valère alikunja karatasi mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akapaka gundi. Shangazi aliichukua kutoka mkononi mwake, akaifunga yeye mwenyewe, akapitisha ukucha kwenye ukingo wote, na kubonyeza kidole chake chenye wino juu ya mfuniko, ili atakayeifungua njiani ajulikane.

Christa akanyoosha mkono kuipokea.

"Hapana, mutoto wangu," alisema shangazi. "Wewe ndiye unayeolewa. Hii haipiti mu mikono yako."

Stendi ya magari ya Beni ilikuwa imejaa matope. Mama Keren, mwanamke mnene mwenye mafurushi matatu ya vitenge, aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akaitazama pande zote, akaitia ndani ya mkoba wake wa kifuani na kufunga zipu.

"Nitaitoa mbele ya Élise na Anne-Marie wakiwa pamoja," alisema. "Moja akikosekana, nitaingoja."

Christa alipanda, akaketi kando yake. Dirisha lilikuwa na ufa. Sikuli alisimama chini, akaweka kiganja kwenye kioo. Naye Christa, baada ya kumtupia Mama Keren jicho, akaweka chake upande wa ndani.

"Utanipigia simu?" alisema Sikuli.

"Wakishaisoma. Hata kama ni vibaya."

Dereva akawasha. Gari likachomoka kwenye matope, likashika barabara ya Beni, na Christa aliketi wima, mikono yake miwili mapajani, bega lake likigusa mkoba wenye barua ambayo hakuruhusiwa kuishika.